Koleo Alikuwa Akipiga Simu Kwanza

Mjomba wangu alikata watu umeme kwa miaka ishirini na minane na hakuna aliyemlaani. Najua hilo linasikika kama mzaha, maana mkata umeme hukaribishwa kwa shingo upande kila aendako, lakini nenda mtaani kwetu uulize. Watamwita Koleo, kwa kile kifaa kilichokuwa kikining'inia kiunoni mwake miaka yote, na watakuambia kwamba Koleo alikuwa na utu.

Siri yake ilikuwa simu. Orodha ya wadaiwa ilitoka ofisini saa moja asubuhi, majina thelathini au arobaini kwa kila mkataji, na utaratibu ulisema uende, ung'oe fyuzi, ubandike lakiri, uondoke. Mjomba hakwenda hivyo. Aliketi kwanza kwenye ngazi za nyuma ya ofisi akapiga simu moja baada ya nyingine. "Mama, shikamoo. Jina lako nimeliona kwenye karatasi ya leo. Nitaanza upande wa juu, kwako nitafika saa sita. Fanya unaloweza." Mtu akisema ni mgonjwa, au yuko kazini, au hana nauli ya kwenda kulipa, Mjomba alimwambia amtumie pesa kwenye namba yake mwenyewe. Mchana alipanga foleni dirishani kama mteja yeyote, akamlipia, na jioni akampelekea risiti mlangoni. Hakula hata senti moja. Mimi ni wakala wa pesa za simu, na wanaokula pesa za watu nawatambua kwa mwendo tu.

Wakubwa wake walimwonya kwa barua mara mbili. Ya kwanza aliisoma. Ya pili alifutia grisi ya ngazi.

Alipostaafu hakuondoka na mengi: nyumba ya vyumba vitatu, goti bovu, na jina. Hilo jina alilipenda kuliko pensheni, na sisemi hivyo kumsengenya, alisema mwenyewe. Akipita barabarani watu wanainuka kumpisha kiti. Fundi viatu hakubali pesa yake. Wanawake wasiomjua hata mkewe wanamwita baba. Nilikuwa namtania kwamba angegombea cheo angepita bila mpinzani, naye anajibu, "Mwanangu, mimi cheo changu ni kwamba nikigonga mlango, unafunguliwa." Ukilijua hilo utaelewa kilichompata.

Kibanda changu kiko kona ya barabara yao, hatua mia hivi kutoka kwake. Ni dirisha la nondo, meza, simu mbili za kazi, daftari, na kiti kimoja cha plastiki cha wateja ambao miguu inawauma. Siku hiyo ilikuwa Jumanne, saa nne na nusu asubuhi, na Mjomba alikuja mbio. Mtu mwenye goti lile hakimbii kwa mchezo. Alikuwa na simu sikioni na noti mkononi.

"Niwekee hizi kwenye simu yangu, haraka," alisema.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba, mwanangu, niwekee."

Nilihesabu. Zilikuwa za kununulia mifuko minne ya chakula cha kuku, na nilijua zimetoka wapi, kwa sababu mkewe, ambaye mtaa mzima unamwita Mama Vifaranga, alikuwa ameziweka kwa kazi hiyo. Nikaziingiza. Mjomba akaanza kubonyeza, akakwama, akanipa simu kupitia nondo. "Miwani nimeiacha. Nisomee jina hapo kabla sijathibitisha."

Nikamsomea. Lilikuwa jina la mwanamke, majina yake mawili kamili.

"Ndiye," alisema, akaichukua simu, akaweka namba ya siri kwa kidole kimoja. Pesa zikaenda.

"Mjomba, huyo nani?"

"Fundi."

"Fundi mwanamke?"

"Kwani mwanamke hawezi kuwa fundi?" Akaweka tena simu sikioni na kuondoka akisema, "Nimetuma, kijana wangu, angalia." Nikamtazama anavyochechemea nikasema moyoni, huyu mzee ananidanganya. Katika maisha yangu yote alikuwa hajawahi kunidanganya, hata nilipokuwa mtoto na ilimpasa. Nilifikiria mambo ya aibu. Nilifikiria ana mwanamke. Mungu anisamehe, nilimwaza vibaya, na hapohapo nikaacha kumtilia shaka huyo aliyekuwa upande wa pili wa simu.

Haikupita robo saa akaja mjane anayeshona mashuka, yule anayepanga chumba kimoja nyuma ya nyumba ya kinyozi. Cherehani yake ni ya umeme. Ana simu ndogo ya vitufe na huwa hajui kutuma, hivyo huniletea namba kwenye karatasi nami humwekea mtu wake moja kwa moja. Taratibu za kazi yetu zinakataza. Wakala anapaswa kuweka pesa kwa mwenye simu aliyesimama mbele yake, basi. Lakini ukimwambia hivyo mwanamke wa miaka sabini na minane mwenye foronya begani, unajiona mkatili. Nikaandika namba, nikaandika kiasi, nikabonyeza kuthibitisha, na jina likatokea kwenye ujumbe.

Lilikuwa lile lile. Majina mawili kamili.

"Mama," nikamuuliza, "hizi pesa ni za nini?"

"Za umeme. Wamenipigia. Walikuwa wanakuja kukata saa tano." Alisema kwa utulivu, kama mtu aliyewahi basi.

Nikapiga huduma kwa wateja ya mtandao, ile namba ya mawakala. Nikamwambia dada aliyepokea kwamba nimeweka pesa kwa tapeli sasa hivi, dakika mbili zilizopita, na nyingine imetumwa na mteja wangu robo saa iliyopita. Akaniomba namba za miamala. Nikamsomea ya mjane, na ya Mjomba nikaahidi kuitafuta. Akaangalia, kisha akasema ile iliyoingia sasa bado ipo na ameizuia. "Zilizoingia kabla yake zimetolewa zote, dada. Kwenye akaunti hii mtu anaingiza na mwingine anatoa, tangu saa tatu."

Tangu saa tatu. Mjane alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki akinitazama mdomo.

Hapo ndipo Mjomba aliporudi. Simu bado iko sikioni, noti nyingine mkononi, chache zaidi, zimekunjwa vibaya. "Mfumo haujayaona malipo," aliniambia huku akifunika simu kwa kiganja. "Anasema nitume tena, zile za kwanza zitarudi zenyewe jioni. Gari lao liko hapo chini."

"Nani anasema?"

"Fundi."

Nilitoka kibandani. Nilimnyang'anya simu mtu aliyenifundisha kuandika jina langu, nikaiweka sikioni mwangu. Kijana upande wa pili alikuwa anasema, kwa adabu ambayo hata leo sijaisahau, "Usihangaike, mzee wangu, mimi nawazuia hawa wasishuke kwenye gari, nakupigania."

"Ofisi gani?" nikamuuliza.

"Nani mwenzangu?"

"Binti yake. Uko ofisi gani, na amri ya kukata ina namba gani?"

Hakubabaika hata kidogo. "Dada, unamharibia mzee," akasema kwa upole, akakata.

Nyuma ya bili ya umeme kuna namba ya shirika. Kila mtu anayo nyumbani na hakuna anayeisoma. Mimi nilikuwa na bili ya kibanda ukutani. Nikaipiga, nikaweka sauti ya nje ili wote wasikie, na baada ya muziki wa kusubiri akapokea mwanaume mmoja mchovu. Nikamtajia namba ya mita ya Mjomba kutoka daftarini mwangu. Akasema bili imelipwa tarehe tano, deni hakuna, amri ya kukata hakuna, na leo hakuna gari la ukataji lililotoka upande wetu. Nikamtajia ya kinyozi, ambayo ndiyo ya mjane. Vivyo hivyo. "Sisi hatupigi simu kudai," akasema. "Notisi inakuja kwa maandishi, na malipo ni kwa namba ya malipo iliyo kwenye bili tu. Hakuna mfanyakazi wetu anayepokea pesa kwenye simu yake. Zamani walikuwepo waliofanya hivyo, tukapiga marufuku."

Mjomba aliketi kwenye ukingo wa mtaro.

Nilikuwa na hasira, nami nikipata hasira huwa siangalii nani ni nani. "Wewe," nikamwambia, "umekata umeme miaka ishirini na minane. Unaijua ofisi hiyo mpaka choo chake. Bili umelipa na risiti unayo. Ulishindwa nini kupiga simu moja tu ofisini ukauliza?"

Alinyanyua uso. Sijawahi kuona uso ule na sitaki kuuona tena.

"Niliogopa watamfukuza kazi."

"Nani?"

"Huyo kijana. Alisema, mzee, malipo yako hayajaonekana, nimeona nikupigie kwanza kabla gari halijatoka, lakini usinitaje ofisini, nitapata barua." Akavua kofia. "Mimi nilipata barua mbili. Nikasema, kumbe bado yupo mmoja. Na wewe nikakuficha, maana unajuana na watu wa ofisini."

Kumbe ndiyo sababu ya uongo wake. Mkewe alikuwa na mayai mia mbili na arobaini kwenye mashine ya kuangulia, siku ya kumi na tisa kati ya ishirini na moja, na umeme ukikatika nusu siku yote yanakufa ndani ya maganda. Hofu hiyo ilimtoa nyumbani. Lakini kilichomziba macho ni kwamba tapeli alimpigia kwa sauti yake mwenyewe ya ujana. Hata namba ya mita kijana hakuwa nayo. Mjomba ndiye aliyemtajia, akimsaidia kazi.

Mchana tulikwenda kituo cha polisi, Mjomba, mjane na mimi. Nilidhani tutakuwa watatu. Kwenye benchi la mapokezi tulimkuta kinyozi, mwalimu wa chekechea, mwenye mashine ya kusaga na mume na mke wanaouza maji ya barafu. Wote wa mitaa yetu mitatu. Kundi la simu la majirani lina namba zetu zote, yeyote aliyeingizwa humo angeweza kuzinakili moja moja, na inaonekana kuna aliyefanya hivyo. Kinyozi alipomwona Mjomba akapata la kusema, maana kinyozi hakosi la kusema. "Mzee Koleo nawe? Leo mkataji kakatwa." Watu wakacheka kidogo. Mjomba naye alitabasamu, akashukuru kwa huo mzaha, niliona.

Askari aliyeandika maelezo alikuwa mwanamke mwenye miwani na kalamu iliyofungwa kwa uzi kwenye meza, kana kwamba hata pale kuna wezi. Alimwita mmoja mmoja, lakini chumba ni hichohicho, kila mtu anasikia. Alianza na kinyozi.

"Ulipigiwa saa ngapi?"

"Saa tatu na dakika kumi. Nilikuwa na kichwa cha mtu mkononi."

"Ukatuma kwa namba ya mtu binafsi. Hukushangaa?"

"Hapana."

"Kwa nini?"

Kinyozi akakuna shingo. "Sisi hapa tumezoea, afande. Mzee Koleo alikuwa anatupigia kwanza, tunamtumia yeye, anatulipia."

Askari akaandika. Akamwita mwalimu. Mwalimu ni mtu wa maneno machache. Alipoulizwa swali hilohilo akasema, "Kwa sababu ndivyo Mzee Koleo alivyokuwa akifanya." Mwenye mashine ya kusaga akasema alihamia mtaa huu miaka kumi na mitano iliyopita, na mara ya kwanza kupigiwa na Koleo alidhani ni tapeli, akakataa kutuma, akakatiwa, na majirani wakamcheka. Tangu hapo akajifunza kuamini. Alisema neno hilo, akajifunza. Wale mume na mke wakatazamana, mke akasema, "Kama hao."

Mimi nilikuwa nimekaa karibu na Mjomba, bega kwa bega. Watu husema wema hauozi. Mchana ule niliusikia ukinuka, mbele ya watu, na aliyeutenda amekaa katikati yao na kofia mkononi. Hakuna aliyemlaumu. Laiti wangemlaumu. Walimtaja kama mtu anavyotaja daraja alilopitia.

Askari aliweka kalamu chini. "Huyu Koleo ni nani, na yuko wapi?"

Hapo ndipo walipojisikia, wote kwa pamoja, walichokuwa wakisema tangu tumeingia. Kinyozi akageuka, macho mekundu. "Mzee, sisemi ni wewe," alisema. "Wallahi sisemi hivyo. Nasema tu sikushtuka."

Mjomba akasimama. "Koleo ni mimi."

Askari alimtazama muda mrefu, akataka simu yake, akaiangalia, akaona naye ametuma pesa kwa jina lile na kwamba zilitoka na hazikurudi. Akamrudishia. Nilijua alichokuwa anakitafuta, na Mjomba alijua pia, na katika miaka yake sabini na moja hakuna aliyewahi kumtazama hivyo. Nilitaka kumpiga yule mwanamke. Alikuwa anafanya kazi yake tu.

Zamu ya mwisho ilikuwa ya mjane. Alikaa, akaweka mikono mapajani, na askari akamuuliza kama wengine.

"Nilifurahi," mjane akasema.

"Ulifurahi?"

"Aliponipigia. Tangu huyu mzee astaafu hakuna anayenipigia. Wanakata tu, unarudi unakuta giza. Kijana akaniambia, mama, nimeona nikupigie kwanza. Nikamwambia Mungu akubariki mwanangu." Akageuka kumtafuta Mjomba kwenye benchi, bila ubaya wowote. "Nilimwambia ana moyo kama wako."

Mjomba alitoka nje. Nilimkuta ameshika ukuta wa kituo kwa mikono miwili, analia. Watu wa kwetu wanasema mwanaume mzima akilia usimwangalie. Mimi nilimwangalia, na nikalia naye. Aliporudi ndani akaomba waongeze sentensi moja kwenye maelezo yake: kwamba watu hawa aliwafundisha yeye. Askari akamwambia hilo si kosa kisheria. "Andika tu," akasema, na askari akaandika, na Mjomba akatia sahihi.

Vifaranga walitoka Alhamisi, mia mbili na sita. Mjomba hakwenda kuwaona. Kuanzia Ijumaa alitoka nyumba hadi nyumba, mitaa yote mitatu, na goti lake, asubuhi na jioni. Alibisha mlango, ukafunguliwa, kama kawaida. Hakukubali kukaa. Alisema maneno yaleyale kwa kila mtu. Simu ya umeme ikija, kata, usimjibu, piga namba iliyo nyuma ya bili uulize. Malipo ni kwa namba ya malipo tu. Asiyeweza kuisoma bili ailete kwangu kibandani nimsomee. Na akimaliza aliongeza jambo ambalo hakuna aliyetaka kulisikia. "Hata ukisikia ni sauti yangu, kata. Hasa ukisikia ni sauti yangu. Mimi nikiwa na neno nitakuja kwa miguu." Watu walimwambia, aa, mzee, wewe hatuwezi kukukatia simu. Akawaambia mtaweza. Kwa mjane alirudi mara tatu, akamkalisha, akamfanya ayarudie maneno hayo kama mtoto wa shule mpaka akayasema bila kukosea.

Wiki tatu baadaye mtandao ukanijulisha kwamba pesa za mjane, zile zilizozuiwa, zinarudishwa, na anatakiwa kufika siku hiyohiyo kabla ya saa kumi na kitambulisho chake kutia sahihi. Za wengine zilikwenda na maji. Mjomba alikuwa amekaa kwenye kile kiti cha plastiki ananywa chai yangu. Nilimwona anachangamka kwa mara ya kwanza tangu siku ile. "Ngoja nimpe mwenyewe habari," akasema, akapiga, akaweka sauti ya nje ili na mimi nisikie furaha ya mama wa watu.

Simu ikapokelewa. "Mama, shikamoo," Mjomba akasema. "Ni mimi Koleo. Zile pesa zako za umeme—"

Ikakatwa.

Akapiga tena. Imezimwa.

Alikaa akiitazama ile simu mkononi.

"Ameshika somo," akasema, akaweka kikombe chini, akaanza kutafuta viatu vyake kwa miguu.